Talaka iliyotamkwa nyumbani: kuhesabu eda na kuifikisha kwa Kadhi, kwa Waislamu wa Kisumu na magharibi mwa Kenya

Mume akimwambia mkewe "nimekupa talaka moja" leo usiku katika nyumba ya kupanga Manyatta, eda ya mke huyo imeanza leo usiku. Haingojei Kadhi, haingojei wakili, haingojei muhuri. Lakini katika ofisi zote za serikali cheti chao cha ndoa bado kinasema ni mume na mke, na kitaendelea kusema hivyo hata mwaka upite, hadi mtu apeleke habari mahakamani. Taabu nyingi ninazoziona kwa watu wanaokuja kupangiwa karatasi zao hutoka katika pengo hili. Mke anadhani yuko huru kwa sababu eda imekwisha, na hana karatasi. Au anayo karatasi mkononi na eda haijaisha. Kuolewa tena kunahitaji vyote viwili.

Mwongozo huu unashughulikia zaidi talaka rejea, yaani talaka ya kwanza au ya pili ambayo mume aliitamka mwenyewe nyumbani na bado anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, kwa sababu ndiyo inayotokea sana na ndiyo inayoachwa bila kuandikwa. Khului, ambapo mke hujivua kwa mali, na fasikhi, ambapo Kadhi huivunja ndoa, nitazigusa pale zinapobadilisha hesabu.

Hatua ya kwanza: tazama ndoa yenyewe ilifungwaje

Kabla ya kusema lolote kuhusu talaka, toa cheti cha ndoa kwenye bahasha ukisome. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema kuvunjwa kwa ndoa ya Kiislamu kutafuata sheria ya Kiislamu. Maneno hayo yanahusu ndoa iliyofungwa Kiislamu. Huku kwetu kuna watu wengi waliokwenda kwanza kwa Msajili wa Ndoa wakafunga ndoa ya kiserikali, kisha wakafanyiwa nikahi msikitini ili wazee waridhike. Mume wa ndoa ya namna hiyo akitoa talaka, ameacha kidini, lakini ile ndoa ya kiserikali iko palepale na huvunjwa na mahakama ya hakimu pekee. Akioa mwingine kabla ya hapo anajiingiza katika kosa la jinai, kwa sababu ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja.

Jambo la pili ni dini ya kila mmoja. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Hapa Kisumu, Busia au Kakamega si ajabu Mwislamu kumwoa Mkristo kwa nikahi naye akabaki na dini yake, au mke kusilimu siku ya ndoa kisha akarudi kanisani miaka baadaye. Mwambie karani wa masjala jambo hilo siku ya kwanza. Kesi inayofichwa dini ya mmoja huweza kwenda miezi kadhaa, kisha ikatupwa kwa sababu Kadhi hakuwa na mamlaka nayo.

Kama nikahi ilifungwa na cheti hakikutolewa, au kimepotea, usikate tamaa. Kadhi husikiza kwanza kama ndoa ilikuwapo. Mlete walii aliyeozesha au sheikh aliyesoma khutba, na watu wawili waliokaa pale wakashuhudia. Ndoa ikishathibitika, ndipo talaka husikizwa.

Hatua ya pili: andika tarehe, maneno na hali ya mke siku hiyo

Ningeombwa kuchagua hatua moja tu ya kusisitiza, ingekuwa hii. Hati za talaka ninazoletewa mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto: jina la mume, jina la mke, "nimemuacha kwa talaka moja", sahihi. Hakuna tarehe. Karatasi kama hiyo inathibitisha kwamba talaka ilitoka, lakini haisemi lini, na eda yote hutegemea hilo neno lini.

Kwa hiyo andikeni haya yafuatayo, ikiwezekana siku hiyohiyo. Tarehe, na saa kwa kukisia. Maneno yenyewe jinsi yalivyotoka kinywani, bila kuyarembesha. Talaka hii ni ya ngapi katika ndoa hii, kwa sababu ya tatu haina rejea. Nani alikuwapo. Na kama mke alikuwa katika hedhi au twahara. Najua wanaume huona haya kuandika hilo la mwisho, na wakwe huona haya zaidi. Mke anaweza kuliandika peke yake, akatia sahihi na kuiweka karatasi yake. Kadhi ataliuliza tu, na miezi sita baadaye hakuna atakayekumbuka.

Maneno yana uzito tofauti. "Nimekupa talaka" ni tamko la wazi, halihitaji kuulizwa nia. "Rudi kwenu" au "sikutaki tena" ni kinaya. Huwa talaka tu ikiwa mume alinuia talaka, na Kadhi atamuuliza, pengine kwa kiapo. Ujumbe wa simu nao, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, huhesabiwa kinaya maadamu aliandika bila kutamka. Basi mke aliyepata talaka kwa WhatsApp asiufute ujumbe, asibadilishe simu, na asihesabu eda peke yake akajiona amemaliza. Apige picha ya skrini, aichapishe, na aje na simu yenyewe.

Na talaka tatu kwa mpigo mmoja? Madhehebu manne huzihesabu tatu. Wako wanazuoni, Ibn Taymiyya akiwa maarufu kati yao, wanaozihesabu moja. Usilikate jambo hili kwa fatwa ya jirani. Tenganeni kitanda mara moja na mwende kwa Kadhi.

Hatua ya tatu: hesabu eda kwa hedhi

Mtaani utaambiwa eda ni miezi mitatu. Kwa mwanamke anayepata hedhi, si hivyo. Aya ya 228 ya Suratul Baqara inamtaka angoje quru tatu. Imam Shafi alizifasiri kuwa twahara tatu. Imam Abu Hanifa alizifasiri kuwa hedhi tatu. Miezi mitatu ni ya mwanamke ambaye hedhi imekatika kwa umri au haijapata kuja, kama ilivyo katika aya ya 4 ya Suratut Talaq, na ni miezi ya kuandama kwa mwezi. Mjamzito eda yake huisha akijifungua, hata kama ni siku moja baada ya talaka. Na aliyeachwa kabla ya mume kumwingilia hana eda kabisa, kwa aya ya 49 ya Suratul Ahzab.

Tuchukue mfano mmoja tuuhesabu hadi mwisho. Mume ni fundi wa magari karibu na soko la Kibuye, mke anauza nguo Kondele. Ijumaa tarehe 10 Januari 2025 mume anatamka talaka ya kwanza. Mke yuko twahara. Hedhi inakuja tarehe 18 Januari, inakatika tarehe 24. Inarudi tarehe 15 Februari, inakatika tarehe 21. Inarudi tena tarehe 15 Machi, inakatika tarehe 21 Machi.

Kwa Shafi, siku chache za twahara zilizobaki baada ya tarehe 10 Januari huhesabiwa kuwa twahara ya kwanza nzima, hata zikiwa chache vipi. Twahara ya pili ni kuanzia 24 Januari hadi 15 Februari, na ya tatu ni kuanzia 21 Februari hadi 15 Machi. Damu ya tarehe 15 Machi ikionekana, eda imekwisha. Hizo ni siku 64, miezi miwili na kidogo. Kwa Hanafi tunahesabu hedhi tatu kamili, kwa hiyo eda inaisha hedhi ya tatu inapokatika, tarehe 21 Machi.

Siku sita za tofauti. Sasa tuseme mume alipiga simu tarehe 18 Machi akasema, "Nimekurejea, rudi nyumbani." Kwa hesabu ya Hanafi amemrejea mkewe na ndoa inaendelea. Kwa hesabu ya Shafi amechelewa siku tatu. Anahitaji ridhaa ya mke, akdi mpya na mahari mapya. Simu ni ileile na maneno ni yaleyale. Hii ndiyo sababu huwaambia watu wamweleze Kadhi tangu mwanzo wanafuata madhehebu gani. Familia nyingi za asili ya Kihindi na Kipakistani mjini Kisumu na Nakuru ni Hanafi, na wameoana na jamaa za Shafi.

Na kama tarehe 10 Januari mke angekuwa katika hedhi? Kumwacha mke katika hedhi ni haramu kwa mume, lakini kwa madhehebu manne talaka inapita. Kwa Shafi, hedhi hiyo haihesabiwi chochote, twahara tatu zinaanza baada yake, na eda hurefuka hadi damu ya hedhi ya nne, ile ya siku ya talaka ikihesabiwa ya kwanza.

Kuna hali mbili zinazowasumbua kina mama na haziandikwi vya kutosha. Mama anayenyonyesha huweza kukaa mwaka bila kuona hedhi. Eda yake haijageuka kuwa miezi mitatu. Anangoja hedhi zirudi. Na wengi sasa wamekatikiwa na hedhi kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango au kipandikizi. Hawa nao si wakongwe, kwa hiyo wasijihesabie miezi mitatu kama bibi zao. Wamwendee Kadhi na kadi ya kliniki inayoonyesha sindano ilipigwa lini, ili yeye ndiye aseme hesabu inakwendaje. Mjamzito pia achukue kitabu chake cha kliniki. Tarehe za ujauzito zilizoandikwa na muuguzi humaliza ubishi ambao ndugu wangeubishana mwaka mzima.

Namna ya kujua kwamba hesabu imekosewa ni rahisi. Kwa Shafi, eda ya quru haiwezi kwa vyovyote kuwa chini ya siku 32 na ushei. Mwanamke akiletwa aolewe siku ya 25 baada ya talaka, na si mjamzito aliyejifungua, wala si aliyeachwa kabla ya kuingiliwa, kuna kosa. Zaidi ya hapo, neno la mwanamke juu ya hedhi yake ndilo linalosikizwa, kwa kiapo chake. Kalenda ya ukutani yenye alama za kalamu humsaidia akiulizwa.

Hatua ya nne: kuishi ndani ya eda

Katika talaka rejea mke bado ana haki za mke karibu zote. Aya ya kwanza ya Suratut Talaq inakataza kumtoa katika nyumba yake, nayo inamkataza yeye kutoka. Kodi ya chumba, chakula na mavazi ni juu ya mume hadi siku ya mwisho ya eda. Kwetu hali ni nyingine kabisa. Mume hutamka talaka, mwenye ploti huambiwa chumba kimeachwa, na mke anapandishwa matatu ya kwenda kwao Mumias usiku ule, magunia juu ya gari. Inauma kuona jambo hili likifanywa na watu wanaoshika swala tano. Mke aliyetolewa hivyo hajapoteza nafaka yake, yaani matunzo hayo ya eda, kwa kuondoka, kwa sababu hakuondoka kwa hiari. Aweke tarehe aliyotolewa, na ujumbe wowote aliotumiwa.

Katika talaka bain, yaani isiyo na rejea, kama khului au talaka ya tatu, makazi yanabaki, lakini chakula na mavazi kwa Shafi ni kwa mjamzito tu.

Mume akitaka kurejea, atamke. Shafi wanasema rejea ni kwa maneno. Kulala pamoja bila tamko si rejea, ni dhambi juu ya tatizo. Hanafi wanasema kitendo chenyewe kinatosha. Ridhaa ya mke si sharti. Mashahidi wawili ni sunna iliyokokotezwa, na mimi ningewataka kila mara, kwa sababu mume aliyerejea kimya kimya chumbani hana wa kumtetea mke akisema hakusikia kitu. Aandike tarehe ya rejea chini ya tarehe ya talaka, kwenye karatasi ileile. Rejea haifuti talaka. Hiyo moja imekwisha kuhesabiwa, na kama ilikuwa ya kwanza zimebaki mbili.

Mmoja wao akifa ndani ya eda ya rejea, mwenzake anamrithi. Mjane ataacha hesabu ya quru na kuanza eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi tangu siku ya kifo, au hadi ajifungue akiwa mjamzito. Familia huko mashambani hukataa jambo hili wakisema "alikuwa ameshaachwa". Karatasi yenye tarehe ndiyo inayomwokoa mwanamke kwenye mirathi.

Hatua ya tano: fungua shauri kwa Kadhi

Barua ya imamu wa msikiti ni ushahidi mzuri, wala usiidharau. Si hukumu. Hukumu hutoka Mahakama ya Kadhi, na Kisumu, Nakuru na Kakamega kila mmoja una Kadhi wake. Si lazima mume ndiye afungue. Mke naye anaweza kuomba mahakama itangaze kwamba aliachwa tarehe fulani.

Nenda na cheti cha ndoa, vitambulisho, hati ya talaka au karatasi uliyoandika katika hatua ya pili, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na majina na namba za simu za mashahidi. Shauri lenyewe huanza kwa hati ya madai na hati ya kiapo. Lipa ada kwa njia rasmi ya malipo ya mahakama, uchukue risiti, na usimpe mtu yeyote pesa mkononi kwenye korido. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe ada, na wanawake wa upande huu wanaweza kupata msaada wa sheria kwa FIDA, ambayo ina ofisi Kisumu.

Katika madai, usiandike tu "naomba talaka". Taja mambo unayotaka Kadhi ayaseme kwa kinywa chake: kwamba talaka ilitoka tarehe 10 Januari 2025, kwamba ilikuwa ya kwanza, kwamba hakuna rejea iliyofanyika ndani ya eda, na kwamba eda iliisha tarehe 15 Machi 2025. Kisha dai mahari yaliyobaki, nafaka ya eda na mataa, ambayo wengine huita kiliwazo. Hukumu isiyotaja tarehe huzaa kesi nyingine.

Mashahidi wasikuogopeshe. Watu hufikiri ni lazima wawe wanaume Waislamu wawili, wakaacha kumleta jirani aliyesikia yote kupitia ukuta wa mabati. Sheria ya Mahakama za Kadhi inaagiza mashahidi wote wasikizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia. Mama Mkristo wa mlango wa pili aje aseme alichosikia.

Mume akikana kwamba alitamka, na mke hana shahidi wala ujumbe, kwa kawaida mume huapishwa, na akiapa ndoa husimama. Hapo mke asipoteze mwaka akibishania usiku ule mmoja. Abadilishe njia, aombe fasikhi au khului.

Fasikhi ni Kadhi kuivunja ndoa kwa sababu inayothibitishwa: mume hatoi nafaka, ametoweka, anapiga, au ana ila inayozuia ndoa. Khului ni mke kujivua kwa kurudisha mahari au kiasi wanachokubaliana, na haina rejea. Wakipatana tena wanafunga akdi upya. Tarehe ya eda hubadilika kulingana na njia. Katika talaka ya mdomo eda ilianza siku ya tamko, hata kama hukumu imekuja miezi minane baadaye. Katika khului inaanza siku walipofunga makubaliano hayo. Katika fasikhi inaanza siku Kadhi alipovunja ndoa, hata kama mume alitoroka kwenda Sudan Kusini miaka minne iliyopita. Mwanamke wa fasikhi hutoka mahakamani na karatasi mkononi akidhani amemaliza, kumbe siku hiyo ndiyo kwanza anaanza kuhesabu.

Hatua ya sita: nakala iliyothibitishwa, na Msajili

Baada ya hukumu, omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na cheti cha talaka, angalau nakala mbili. Isome palepale kaunta. Linganisha majina na vitambulisho herufi kwa herufi, kwa sababu Khadija wa kwenye cheti cha ndoa huwa Hadija kwenye kitambulisho, na ofisi nyingine itamrudisha. Tazama tarehe ya talaka imeandikwa ile ya tamko, si ile ya kusomwa hukumu.

Sheria ya Ndoa inamtaka aliyetoa hukumu ya kuvunja ndoa ya Kiislamu apeleke nakala kwa Msajili wa Ndoa. Usiishie hapo. Muulize karani lini imepelekwa, na kwa barua gani, kisha wewe mwenyewe ufuatilie.

Faida yake huonekana siku za kawaida kabisa. Mume akienda benki kuchukua mkopo kwa dhamana ya nyumba ya familia, benki hutaka idhini ya mke. Rekodi ikisema bado ameoa, watamtafuta mke aliyeachwa. Mke akitaka kuolewa tena na ndoa iandikishwe, atatakiwa kuonyesha ile ya kwanza ilivunjwaje. Yule mama wa Kondele, kama angeozwa na sheikh mwezi Aprili 2025 kwa sababu eda ilikwisha Machi, nikahi yake ingekuwa sahihi mbele ya Mungu, lakini cheti kisingepatikana. Na mume wa kwanza angesimama akadai alirejea tarehe 1 Machi, kusiwe na hukumu ya kumkanusha. Angoje karatasi, hata kama ni hadi Septemba.

Watoto wana mlango mwingine. Kwisha kwa eda hakumalizi nafaka yao, na malezi na matunzo husikizwa na Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Mkikubaliana mbele ya Kadhi, makubaliano yaandikwe kwa kiasi na tarehe ya mwezi.

Asiyeridhika na hukumu ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama wazee wa baraza. Kwa hiyo mke aliyeshinda aulize masjala baada ya siku hizo 30 kama kuna rufaa iliyowasilishwa au amri ya kusimamisha hukumu, kabla ya kupanga tarehe ya nikahi nyingine.